Shukrani za tasnifu: Jina la mkalimani liko ukurasa gani?

MWEZI uliopita mwanafunzi wangu mmoja wa uzamifu, mzaliwa wa Kaaleng kule kaskazini ya Lodwar, aliniletea tasnifu yake ikiwa tayari kuwasilishwa. Nina tabia moja ambayo wanafunzi wangu wameizoea. Sianzi na ikisiri wala sura ya kwanza. Naanza na ukurasa wa shukrani, kwa sababu hapo ndipo mtu huandika akiwa peke yake, bila nadharia ya kumkinga, na hapo ndipo namwona alivyo.

Nilichokiona kilinifanya nivue miwani. Aya ya kwanza alimshukuru Mwenyezi Mungu, vyema. Ya pili alimshukuru mchumba wake kwa mistari saba, yenye waridi na mwezi mpevu. Ya tatu iliorodhesha wazee kumi na wawili wa Kaaleng, majina yote matatu ya kila mmoja. Mfadhili aliyemlipia nauli, chakula na kinasa sauti kwa miaka mitatu alitajwa kwa kifupisho chenye herufi moja iliyokosewa. Sisi wasimamizi wawili tulikuwa mkiani, mwenzangu akiwa ameshushwa cheo kutoka Profesa hadi Daktari. Na mjomba wake, aliyemtembeza boma kwa boma na kumwombea ruhusa kwa wazee hao, hakuwamo kabisa.

“Prof,” akaniambia, “shukrani si ni za moyo? Kwani moyo nao una mpangilio?”

Swali lake si la kupuuzwa. Nikamjibu kwa swali. Kwao, nyama ya akiriket ikishakatwa, wazee si hukaa nusu duara, kila mmoja akijua nafasi yake kwa umri na kwa kundi lake? Akacheka. Akasema hata kipofu wa Kaaleng anajua pa kukaa. Basi, nikamwambia, ukurasa wa shukrani nao una nusu duara yake, na ina historia. Ndiyo historia ninayotaka kuisimulia leo, kwa kuwa sehemu yake kubwa, kwa sadfa, imepitia Turkana.

Hebu tuanze na maneno yenyewe. Tasnifu zetu za Kiswahili huwa na kurasa mbili ambazo wanafunzi huzichanganya: tabaruku na shukrani. Tabaruku linatokana na Kiarabu, katika mzizi uleule uliozaa baraka, na maana yake ya asili ni kutafuta baraka. Anayetabarukiwa kazi hahitaji kuwa ameisaidia. Anaweza kuwa marehemu, au mtoto asiyejua kusoma. Shukrani ni jambo jingine. Hizo ni za deni. Kila anayetajwa pale awe ametoa kitu ambacho bila hicho kazi ingepungua, na mwandishi aweze kusema ni kitu gani. Mchumba wa mwanafunzi wangu, aliyekuwa Eldoret muda wote wa utafiti na hajausoma hata ukurasa mmoja, ni wa tabaruku. Waridi na mwezi mpevu vimfuate huko.

Mazoea ya kumtanguliza Mungu hatukuyapata vyuoni. Tenzi zetu za kale hufungua kwa bismillahi, zikafuata sifa za Mtume, kisha sababu ya kutunga. Jina la mtunzi mara nyingi huja mwishoni, pamoja na ombi la kusamehewa makosa. Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728 ulitungwa na Bwana Mwengo kwa agizo la mtawala wa Pate, na mtawala huyo anatajwa. Kwa hiyo mfadhili amekuwa na kiti katika maandishi ya Kiswahili kwa takriban miaka mia tatu, hata kabla ya neno lenyewe kuvaa maana tunayoijua leo. Mwanafunzi anayeanza na Mola wake, mstari mmoja au miwili, anafuata njia iliyokanyagwa na wengi. Shida huja sala inapojaza nusu ukurasa, msomaji akasahau kwamba yumo katika tasnifu.

Mpangilio wa vyuo vikuu una umri mdogo zaidi, na kwetu Kenya naona mfano wake wa kwanza uliojulikana sana ni kitabu cha mwaka 1938, *Facing Mount Kenya* cha Jomo Kenyatta. Kilitokana na masomo yake katika Chuo cha Uchumi cha London chini ya Bronislaw Malinowski, na msimamizi huyo ndiye aliyekiandikia utangulizi. Tazama alivyogawa madeni yake. Tabaruku aliwapa Moigoi na Wamboi pamoja na vijana wa Afrika waliopokonywa chao; hayo ni majina ya baba na mama yake, na kwa desturi ya Agikuyu yakawa pia ya wanawe, hivyo kwa majina mawili tu aliwagusa waliotangulia na watakaofuata. Katika dibaji akamshukuru Malinowski, mwalimu na rafiki, kwa kumwongoza. Akamshukuru Raymond Firth kwa kusoma mswada na kumshauri katika mambo ya kitaaluma. Kuelekea mwisho, kwa kejeli tamu, akawashukuru maadui zake: upinzani wao ndio uliompa ari ya kuendelea, na akawatakia afya na umri mrefu.

Naipenda dibaji hiyo kwa sababu mbili. Kwanza, kila shukrani imebeba kitendo. Firth hashukuriwi kwa ukarimu usio na kifani. Anashukuriwa kwa kusoma na kushauri. Pili, anajua kwamba nafasi za mwisho si mkia. Ni nafasi ambazo msomaji huondoka nazo. Wasomaji wengi wa kizazi changu wameshasahau nani alisoma mswada, lakini wale maadui wanawakumbuka.

Na maadui hao walikuwa na subira. Mwaka 1953, baada ya kesi ya Kapenguria, Kenyatta alipelekwa kufungwa Lokitaung, katika eneo hilohilo la kaskazini ya Turkana alikozaliwa mwanafunzi wangu. Mwaka 1959 akahamishiwa Lodwar, na alikaa huko hadi 1961 alipopelekwa Maralal. Kijana alikuwa anaijua historia ya jela hiyo tangu shule ya msingi. Hakuwa anajua kwamba mfungwa wake aliwahi kuandika ukurasa wa shukrani ambao angeweza kujifunza kwao.

Hata hivyo sikumruhusu awashukuru maadui. Kenyatta alikuwa akichapisha kitabu. Tasnifu ni hati ya mtihani, na kejeli ndani ya hati ya mtihani humfanya mtahini ajiulize kama analengwa yeye.

Sasa tuje kwenye mpangilio wenyewe. Mwaka 2004 mtaalamu wa isimu Ken Hyland alichapisha uchunguzi wa shukrani katika tasnifu 240 za uzamili na uzamifu za wanafunzi wa Hong Kong. Alikuta zina mwenendo unaofanana mno na wa kwetu: mwandishi huitafakari safari yake kwa ufupi, kisha hushukuru, na pengine humalizia kwa kukubali kwamba makosa yaliyosalia ni yake. Katika kushukuru kwenyewe, waliosaidia kitaaluma ndio hutangulia, wanafuata waliotoa fedha na nyenzo, kisha waliotoa moyo, yaani jamaa na marafiki. Hakuna sheria ya chuo iliyowaambia waandike hivyo. Walirithi kwa kusoma tasnifu za waliowatangulia, kama sisi.

Kwa nini msimamizi atangulie? Wanafunzi wengi hudhani ni kumbembeleza. Sababu ni kwamba yeye ndiye aliyetia sahihi kwamba kazi inafaa kutahiniwa. Ikianguka, jina lake linachafuka pamoja na la mwandishi. Hiyo ndiyo kanuni ninayoifuata mimi: atangulie aliye karibu zaidi na wajibu wa kazi, na upendo uje baada ya wajibu. Mkiwa na wasimamizi wawili, fuata barua ya uteuzi ya chuo: aliyetajwa wa kwanza huko awe wa kwanza hapa. Cheo kiandikwe kama kilivyo siku ya kuwasilisha, si kilivyokuwa siku mlipokutana. Kumwita Profesa “Daktari” ni kosa ambalo mwenzangu hangelisema, lakini angelikumbuka. Na kila msimamizi apewe lake. Mwenzangu ndiye aliyemlazimisha kijana huyu kurudi Kakuma mara ya pili kurekodi upya baada ya upepo kuharibu sauti. Hilo ndilo la kuandikwa. “Mwongozo wake wa hekima na busara” unaweza kubandikwa kwa msimamizi yeyote duniani, kwa hiyo haumbandiki yeyote.

Watahini nao je? Kabla ya utetezi hawatajwi, kwani mtahini wa nje hastahili kujulikana. Baada ya utetezi, katika nakala ya mwisho, mstari mmoja kwa “watahini ambao maoni yao yalinisaidia kurekebisha sura ya nne” unatosha.

Mfadhili ana adabu yake, na hapo moyo hauna kazi nyingi. Barua ya ufadhili huwa na kipengele kinachosema atajwe vipi: jina kamili, nambari ya ruzuku, na kauli kwamba maoni yaliyomo ni ya mwandishi, wala si ya shirika. Yanakiliwe herufi kwa herufi. Kauli hiyo ya mwisho watu huiona baridi, lakini humlinda mwandishi kuliko inavyomlinda shirika. Inamwambia msomaji kwamba aliyelipa nauli hakununua matokeo. Ndiyo maana sipendi mfadhili kupakwa sifa. Ukimwita mkombozi katika ukurasa wa shukrani, halafu sura ya tano ikawa inausifu mradi wake wa visima, msomaji makini ataunganisha mambo hayo mawili, hata kama wewe hukuyaunganisha.

(Huniuliza pia kuhusu Bodi ya Mikopo, HELB. Ule ni mkopo, jamani. Utaulipa na riba. Ukitaka kuishukuru sikukatazi, lakini ujue unamshukuru mdai wako.)

Tumefika sasa mahali ambapo mpangilio huo wa kurithi una pengo, na pengo hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Umemweka msimamizi, umemweka mfadhili, umeiweka familia. Aliyekuonyesha njia kule nyanjani anakaa wapi? Wanafunzi wa Hyland wengi wao hawakuhitaji mtu wa kuwaombea ruhusa kwa wazee. Sisi tunamhitaji. Na historia yetu, hasa ya Turkana, haijamtendea haki.

Agosti 1984, Kamoya Kimeu, Mkamba aliyekuwa ameongoza misafara ya kutafuta visukuku kwa miaka mingi, alikuwa Nariokotome, ufuo wa magharibi wa Ziwa Turkana. Wenzake walikuwa wakipumzika. Yeye akatoka kutembea kando ya korongo kavu, akaona kijipande cha mfupa wa paji la uso, cheusi, kati ya mawe yenye rangi hiyohiyo. Kutokana na kijipande hicho ikafukuliwa karibu mifupa yote ya mvulana aliyeishi takriban miaka milioni moja na nusu iliyopita, ambaye dunia inamwita Mvulana wa Turkana. Mwaka uliofuata jarida la *Nature* likachapisha makala ya kumtangaza. Yana majina manne ya waandishi: Brown, Harris, Leakey na Walker. La Kimeu halimo miongoni mwao.

Nisieleweke vibaya. Kimeu hakufichwa. Mwaka huohuo wa 1985 alipokea nishani ya National Geographic mkononi mwa Rais Reagan, Ikulu ya Marekani. Mwaka 1995 nyani wa kale wa Lothidok, hukohuko Turkana, alipewa jina la *Kamoyapithecus* kwa heshima yake. Mwaka 2021, akiwa mzee, Chuo Kikuu cha Case Western Reserve kilimtunuku shahada ya heshima, na mwaka uliofuata akafariki. Kila anayesimulia kisa cha Nariokotome humtaja kuwa ndiye aliyeona. Ninachokieleza ni mahali alipowekwa. Taaluma ya siku zile ilikuwa na mstari kati ya aliyeandika na aliyeona, na aliyeona alishukuriwa ng'ambo ya mstari. Nishani ni nzuri, lakini mwanafunzi wa leo anayenukuu makala yale huandika majina ya wale wanne, na kizazi baada ya kizazi nukuu ndiyo inayobaki. Kwa hiyo swali la kwanza kuhusu mtu wa nyanjani si “nimshukuru vipi?” Ni “je, shukrani zinamtosha, au mchango wake unadai jina lake mahali pengine?” Katika tasnifu, ambayo kisheria ni ya mtu mmoja, basi shukrani ndiyo nafasi pekee aliyo nayo. Angalau ipewe uzito.

Nilipomwambia kijana hivyo, akafikiri namtaka tu aongeze jina la mjomba. Nikamwambia polepole. Hebu tufungue sura yako ya tatu.

Tasnifu yake inahusu namna wazee wanavyosimulia uvamizi wa mifugo, na jinsi masimulizi hayo yanavyobadilika yanaposemwa kwa Kiswahili katika soko la Kakuma. Katika sura ya tatu, penye mbinu za utafiti, ameandika kwamba watoa habari wote wamefichwa majina, na katika sura ya nne wanaitwa Mzee wa Kwanza, Mzee wa Pili, hadi Mzee wa Kumi na Mbili. Kwa ahadi hiyo ndipo kamati ya maadili ilipompitisha na NACOSTI ikampa kibali. Sasa nenda kwenye shukrani: wazee kumi na wawili wa Kaaleng, majina matatu matatu, na kwa mpangilio uleule wa mahojiano! Mzee wa Saba anasimulia usiku mmoja wa mapigano na kutaja waliokuwapo. Msomaji wa Kaaleng anahitaji dakika moja tu kuhesabu hadi saba.

Kijana alinyamaza muda mrefu. Alikuwa ameandika majina yale kwa heshima. Kwao kumtaja mtu mbele ya watu ni kumkuza.

Huo ndio mtego wa ukurasa wa shukrani, na nimeuona katika tasnifu zisizopungua tano nilizozitahini: ahadi inatolewa sura ya tatu na kuvunjwa ukurasa wa tano wa Kirumi. Njia ya kuutambua ni rahisi. Weka kurasa hizo mbili kando kwa kando, halafu usome kana kwamba wewe ni jirani mwenye kinyongo. Kama unaweza kumjua mtu, shukrani imegeuka kuwa ushahidi. Si jina pekee linalofichua. “Mzee mmoja mwenye duka karibu na kisima” huko Kaaleng ni sawa na kutaja jina. Wazee kumi na wawili tukawashukuru kwa pamoja, kwa kile walichotoa, pasi na idadi wala mahali pa boma. Heshima yao ya ana kwa ana ataipeleka mwenyewe, kwa sukari na tumbaku, kama ilivyo desturi.

Mjomba alikuwa hali tofauti. Hakuhojiwa. Hakuna siri inayomhusu zaidi ya kwamba alitembea na mpwa wake, jambo ambalo kila mtu aliliona. Kijana akampigia simu palepale ofisini kwangu, spika ikiwa wazi, na kwa tafsiri niliyopewa mzee aliuliza jambo moja tu: je, jina lake litaandikwa kama anavyoliandika chifu kwenye kitambulisho, au kama watu wanavyomwita? Akachagua wanavyomwita.

Kule Kakuma kulikuwa na mtu wa tatu, mkalimani wake kambini, mkimbizi. Kambi hiyo imekuwapo tangu 1992, na watu waliomo wamekimbia mengi. Kijana alitaka kumtaja kwa jina kamili kwa sababu alistahili kuliko wote. Akamwandikia kumwomba idhini. Jibu lilikuja baada ya siku mbili: asitajwe, wala nchi alikotoka isitajwe, kuna ndugu waliobaki. Lakini aliomba kitu kimoja, kwamba iandikwe kuwa mkalimani alijua lugha nne. Imeandikwa.

Hivi ndivyo sehemu hiyo ilivyokaa mwishowe, baada ya mfadhili na kabla ya familia. Naitoa kwa idhini ya mwenyewe, majina yakiachwa:

“Wazee wa Kaaleng walinipa masimulizi yao na muda wao, na mara mbili waliniambia nizime kinasa sauti, waliyonikataza nimeyaacha huko. Mjomba wangu alinitangulia katika kila boma na kunisemea kabla sijasema. Mkalimani wangu wa Kakuma, anayejua lugha nne na ambaye simtaji kwa ombi lake, alinisahihisha tafsiri zote za sura ya nne.”

Sentensi tatu, na hakuna kivumishi cha sifa hata kimoja. Msomaji ameelewa nani alifanya nini.

Iliyobaki ni familia, na lugha. Familia hukaa mwisho kwa sababu niliyokwisha kuitaja, kwamba mwisho ni mahali pa kukumbukwa. Lakini nayo idai kitendo. Mwaka 2017 mtaalamu mmoja wa Marekani, Bruce Holsinger, alikusanya mtandaoni mifano ya shukrani za vitabu vya zamani ambamo wake za wasomi, mara nyingi bila majina, wanashukuriwa kwa kupiga chapa miswada. Watu walicheka, kisha wakaacha kucheka. Mwanamke amechapa kurasa mia nne, pengine na kuzihariri, halafu anaitwa “mke wangu”. Mama yake kijana aliuza mbuzi wanne mwaka wa kwanza wa masomo. Nilimwambia aandike mbuzi wanne. Akaona haya kidogo, akaandika.

Kuhusu lugha nina malalamiko mawili ya kizee. La kwanza ni “ningependa kumshukuru”. Ningependa, lakini? Nge- ni ya sharti. Ukiisikia masikio ya Kiswahili husubiri kizuizi. Tumeichukua kutoka Kiingereza na adabu yake, tukaacha maana njiani. Sema “namshukuru”, au “shukrani zangu zimwendee”. La pili ni ile “mwisho lakini si kwa umuhimu”, inayobandikwa mbele ya wazazi. Hakuna aliyedhani mama yako hana umuhimu hadi ulipokana. Mtaje tu.

Ningeweza kuishia hapo, lakini kijana aliniuliza jambo wakati anafunga mkoba. “Prof, na yako je? Ile tasnifu yako ya Lodwar?”

Niliitetea mwaka 1995. Nilikuwa nimefanya utafiti Lodwar, Kakuma na Kaaleng kuhusu Kiswahili kinachosemwa huko, nami sikujua Kiturkana zaidi ya salamu. Nilikuwa na mkalimani, mtu wa Kaaleng, aliyenizidi miaka ishirini. Tulitembea pamoja miezi mitano. Alibeba maji, alijua ni lini nisiulize, na mifano karibu yote ya sura yangu ya nne ni misemo aliyoisikia yeye kwanza, akanigutusha. Niliitoa nakala yangu rafuni, tukafungua shukrani. Wasimamizi wapo, na vyeo vyao sahihi. Mfadhili yupo na nambari yake. Mke wangu yupo. Na kuna mstari huu: “wasaidizi wangu wa utafiti”. Kwa wingi! Alikuwa mmoja. Nilimficha ndani ya wingi ili msafara wangu uonekane mkubwa, na kwa miaka yote hii sikuwa nimelitambua.

Kijana aliporudi nyumbani likizo ya Aprili nilimtuma amtafute. Mzee alishafariki. Bintiye yuko Kaaleng, ni mwalimu, na alikuwa amesikia tangu utotoni kwamba babake aliandika kitabu na mtu wa chuo kikuu. Akauliza jina la baba liko ukurasa gani, apate kuwaonyesha watoto.

Nakala za maktaba hazirekebishwi. Nimeuliza, karatasi ya masahihisho hukubaliwa ndani ya muda fulani baada ya utetezi, na muda huo ulipita zamani. Yangu mwenyewe nimeibandikia ukurasa mmoja baada ya shukrani, umesema alichokifanya, sura kwa sura, na nakala yake nimempelekea binti huyo kwa mkono wa kijana. Jina silitaji hapa gazetini kwa sababu sijapata jibu lake kama familia ingependa litajwe, na kama ni lile la kitambulisho au lile ambalo watu walimwita.